Wiki ya Kumtazama Ndunge

Ukitaka kunikasirisha, niambie wifi yangu Ndunge alimuua mama yangu kwa sindano. Mwaka jana nilimfukuza mteja dukani kwangu hapa Migwani kwa neno hilo hilo, na kitambaa chake cha sare ya kwaya nilikuwa nimeshakikata. Aende akashonewe na mwenye masikio ya kusikia upuzi, mimi sina.

Ndunge ni mtu wa Mbumbuni, kule Makueni. Kaka yangu Kyule alimuoa akamleta kwetu, na haukupita muda akachaguliwa kuwa mhudumu wa afya ya jamii, wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba na begi mgongoni. Kazi hiyo ilimfaa. Hawezi kumpita mtoto anayekohoa bila kusimama. Mama yetu, Syombua, alikuwa na sukari na moyo wake haukuwa mzuri, na kila jioni Ndunge alimwosha miguu akichungulia katikati ya vidole kama kuna kidonda. Mimi, mtoto wa kuzaa, sikuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

Basi mwaka jana, baridi ikianza, zahanati ikapata chanjo ya homa ya mafua. Zilikuwa chache, za wazee, wenye sukari, wenye moyo, wenye pumu, wajawazito na wahudumu wa afya. Abdulmalik, nesi wa zahanati, mtoto wa Mwingi, alimwambia Ndunge alete watu mapema, maana zisipotumika zitapelekwa kwingine zinakotakiwa.

Ndunge alianza na mama. Mama akamwambia, "Mimi siendi peke yangu. Nitaenda na mwethya."

Mwethya ni kile kikundi chao cha akina mama cha kuchimba matuta na kusaidiana msiba ukitokea. Kwetu, jambo likiingia mwethya halina tena wa kuamua. Wote wakikubali, wamekubali, na mmoja akikataa wote wanarudi nyumbani. Wakakutana uani kwetu, mimi nikiwepo.

Aiya! Maneno niliyoyasikia siku hiyo! Kalekye, mwenyekiti wao, akasema sindano hiyo ndiyo inayoleta homa yenyewe, ati wanakutia ugonjwa ndio wakuuzie dawa. Mwingine akasema inafunga kizazi. Mwingine alikuwa amesikia inaharibu mimba. Mama akasema moyo wake haungeistahimili.

Ndunge akawajibu bila haraka. "Virusi vilivyo ndani ya hii chanjo vimeuawa na kuvunjwavunjwa. Haviwezi kuamka vikampa mtu homa. Mkono utauma, pengine mwili utachoka na kupata joto kidogo siku moja mbili, basi. Wajawazito wamedungwa miaka mingi na wamejifungua salama. Na mwaitu, mama yangu, mwenye moyo mbaya ndiye homa humuua, kwa hivyo wewe ndiye unayeihitaji kwanza."

Kisha Kalekye akasema, "Sawa. Wewe udungwe kwanza. Tukutazame wiki moja. Ukibaki mzima, tutaenda sote."

Wote wakaitikia. Ndunge akakubali huku anacheka.

Nilimvuta kando. "Wewe una wazimu? Huu msimu kila nyumba inakohoa, na wewe ndiye unayeingia kila nyumba. Hata kuku akipiga chafya watasema ni sindano."

"Wifi, wacha waone kwa macho yao."

Abdulmalik naye alimwonya siku ya kumdunga. Alimwambia mwili huchukua kama wiki mbili kujitayarisha, na kabla ya hapo homa ya mafua inaweza kumpata kama mtu yeyote. Tena kuna mafua mengine mengi ambayo chanjo hii haiyagusi kabisa. Lakini Ndunge alikuwa ameshatoa neno mbele ya watu.

Kesho yake mkono uliuma, kama alivyosema. Siku ya tatu akaamka pua zinachuruzika, sauti imekauka, mwili moto. Kabla ya kudungwa alikuwa ameshinda kwenye nyumba moja ya watoto waliokuwa wamelala wote na kikohozi. Nani alitaka kusikia hilo? Kalekye alikuja mpaka mlangoni, akamtazama Ndunge kitandani, akageuka bila hata kusema pole. Hakukanyaga ndani.

Abdulmalik alikuja nyumbani mwenyewe kumweleza mama. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamwekea chai. Akamwambia, "Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini mimi nimeona."

Nilimbembeleza. Nikamgombeza. Nikalia mbele yake kama mtoto mdogo. Akaniambia mwethya wamekataa, kwa hivyo nisimsumbue. Chanjo zikapakiwa kwenye jokofu dogo la zahanati zikapelekwa kwingine.

Ndunge alipona baada ya siku chache. Mwezi ukapita na zaidi. Mama alienda kwenye harusi upande wa Nuu, akarudi anatetemeka. Baada ya siku mbili tatu hivi alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali kubwa, wakampima puani, wakasema ni homa ya mafua na imeshuka kifuani. Daktari akauliza kama alipata chanjo. Kyule akajibu hapana. Mama alikufa na mpira wa oksijeni puani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ndunge.

Chanjo si ngao ya chuma, Abdulmalik mwenyewe alisema. Pengine mama angeugua tu. Lakini pengine angeugua akapona, na hiyo pengine ndiyo inayonimaliza.

Mwethya walikuja msibani, walichota maji, walipika. Na hapo hapo jikoni kwetu nikawasikia wakisema homa ya sindano ilibaki ndani ya nyumba ikamfuata Syombua. Homa gani hiyo inayolala chini ya kitanda mwezi mzima? Nikawauliza hivyo, kwa sauti. Wakaniambia nina uchungu wa mama, nitulie. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kweli.

Naye Kyule, tangu siku hiyo, mtoto wa ndugu akikohoa, humwambia Ndunge akae mbali naye. Ndunge alirudisha begi la kazi. Hakuna aliyekuwa akimfungulia mlango.

Mwaka huu chanjo zimekuja tena. Ndunge ana mimba ya miezi mitano, ya kwanza tangu aolewe. Abdulmalik alinipigia simu akaniambia nimlete, mjamzito homa ikimpata humshika vibaya, na kinga ya mama hufika mpaka kwa mtoto. Nikafunga duka nikaenda kumchukua.

Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwambia ajitayarishe twende.

"Siendi, wifi."

"Na wewe pia? Wewe uliyetufundisha sote?"

"Sijasahau nilichowafundisha. Najua haidhuru mtoto." Hakuinua uso. "Lakini mimba nyingine hutoka bure tu, bila sababu. Yangu ikitoka wiki ya sindano, Mutanu, nani ataniamini? Kyule atanirudisha Mbumbuni. Nikikaa bila chanjo na tukafa wote wawili na mtoto, watalia, watasema ni mapenzi ya Mungu."

Mimi, Mutanu, ninayejulikana soko zima kwa mdomo, nilikaa chini nikaanza kuchambua maharagwe naye. Nje Kyule alikuwa akikohoa, na Ndunge akaondoka na sufuria yake akaenda kumchemshia maji.