Robo ya Mukeke

Madamu Jovita, mwalimu wa darasa la tano huko Gatete, alipanga somo lile kwa furaha ya mtu anayepanga harusi. Wanafunzi wanane wenye alama nzuri wangewaeleza wenzao hesabu za sehemu, nusu na robo, kila mmoja na kikundi chake. Aliwaita kwanza wote wanane, wakamweleza somo bila kukosa hata neno. Kisha akajiwekea sheria: atazunguka na daftari, atasikiliza, atauliza tu. Kutoa jibu, mwiko!

Sheria hiyo nusura imuue. Katika kikundi cha tatu, Exaucé, wa kwanza darasani, alitangaza kwa sauti ya waziri: "Robo inapita theluthi, kwa sababu nne inapita tatu."

Jovita akauma kalamu. "Wote mnakubali?" aliuliza, mguu ukimcheza.

Chanceline, aliyeshika mkia kwenye mtihani, akacheka mpaka akashika meza. "Weye Exaucé! Kwetu tunagawa samaki mumoja wa mukeke watu watatu. Shangazi akifika, tunakuwa wane. Sasa kipande yangu inakuwa kubwa?"

Exaucé akatazama mikono yake kana kwamba imeshika samaki. "Inapunguka! Robo iko ndogo!"

Kikundi kizima kilipiga kelele. Vikundi vya jirani vikaja mbio kumtazama samaki asiyekuwepo. Jovita, akicheka hadi machozi, aliandika daftarini jina jipya la mwelezaji wa kesho.

"Mimi, Madamu?" Chanceline akashtuka, akichungulia daftari. "Nilipata mbili juu ya kumi!"

"Najua," alisema Jovita. "Kwenye mtihani niliuliza bila samaki."