Kidole cha Mama Kwenye Picha ya Tangi

Mama alikuwa karani wa kikundi cha akina mama pale Kianjokoma. Siku walipomaliza kumwekea mjane mmoja tangi la maji, yeye ndiye aliyepiga picha, kwa simu niliyomnunulia. Nilipofika nyumbani Jumamosi kutoka Embu mjini, alinipa simu hata kabla sijakunywa chai.

"Kuna kitu cheusi hapa juu," akasema. "Ni nini?"

Nikatazama. Pembeni, juu upande wa kulia, kulikuwa na kivuli kinene chenye ukungu.

"Ni kidole chako, Mama. Kilifunika kamera."

Hakucheka. Picha ilikuwa moja tu, na wenzake walikuwa wanaingoja. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Nikafungua sehemu ya kuhariri, nikagusa alama ya kukata, fremu ikajitokeza kuzunguka picha. Nikashika mstari wa kulia, nikauvuta kuelekea ndani mpaka kidole kikatoweka.

"Tayari."

Mama akavaa miwani. "Na huyu je?"

Yule mjane mwenye tangi alikuwa amesimama mwisho kabisa upande wa kulia, chini ya kile kidole. Nilikuwa nimemkata pamoja nacho. Kilichobaki ni mkono wake tu, umeshikwa na jirani.

"Rudisha," Mama akasema. "Nifanye mwenyewe."

Nikarudisha picha ilivyokuwa. Akajaribu, lakini simu ilikataa kuusikia mkono wake. Miaka ya kuchuma majani chai ilikuwa imezikausha ncha za vidole zikawa kama gome. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akausukuma. Akajaribu kidole cha gumba, kisha cha shahada, mwisho akatumia kile kidogo. Fremu ikasogea.

Hakugusa upande wa kulia. Aliushika mstari wa juu, akaushusha taratibu. Anga ikaondoka, ukingo wa paa la mabati ukaondoka, na kidole kikaondoka navyo. Wanawake wote wakabaki, na mjane wao, na tangi. Juu ya vitambaa vyao vya kichwa palibaki nafasi finyu sana.

"Mabati hayakuja kupigwa picha," akasema, akanirudishia simu nimwonyeshe pa kuihifadhi. Nikaihifadhi kama nakala, ile ya kwanza isipotee.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kompyuta kwa miaka tisa. Nilikuwa nimefundisha watu wengi kukata picha, na kwa miaka hiyo yote nilikuwa nimewaambia wakate upande ulio karibu na kasoro.

Jumatatu niliichapisha kwenye karatasi katika studio moja mjini. Kijana wa pale akauliza nani aliyeipanga vizuri hivyo.

"Mama yangu," nikamwambia, nikarudia tena kwa sauti zaidi, maana kulikuwa na wateja wengine nyuma yangu.