Josho la Nkende Lililopita kwenye Waya

Mzee Mniko Waitara hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa fundi mwashi, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, na siku hiyo ya Ijumaa mwaka 1956 aliingia ofisi ya simu hapa Tarime bila koti. Mimi Selestine ndiye niliyekuwa karani wa simu. Nilijua kuna jambo, maana koti lake alilivaa hata kwenye jua la saa sita.

"Ndama amekula josho," akasema.

Nilicheka nikashika meza. Kumbe alikuwa mkweli. Ramani ya josho la ng'ombe, lile ambalo watu wa Nkende walikuwa wameliomba miaka mitatu, ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Koti lilitundikwa kwenye ua wa ndama. Jasho la Mzee Mniko lina chumvi, ndama wanapenda chumvi, na asubuhi ilibaki kola na mkono mmoja.

"Na mkono wenyewe ndio usio na mfuko," akaongeza kwa uchungu.

Hapo nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua maana yake. Mifuko sitini ya saruji ilikuwa imelala chini ya turubai pale Nkende, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Saruji ikiloa inaganda mfukoni inakuwa jiwe. Serikali isingetoa nyingine mwaka ule, na josho lingeandikiwa kijiji kingine. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ndigana ya kupe. Mzee Mniko peke yake alikuwa amezika kumi na mmoja. Tena ni yeye aliyesimama mbele ya wazee akasema josho hili halihitaji fundi wa kutoka mbali, yeye anatosha. Jumatatu ilibidi aanze kuchimba.

Ramani nyingine ilikuwepo Musoma, ofisi ya ujenzi. Lakini Mto Mara ulikuwa umefurika, kivuko kimesimama, na hakuna karatasi ambayo ingevuka. Kilichoweza kuvuka ni sauti.

"Basi niitie Musoma," akasema. "Anisomee."

"Ramani haisomwi, mzee. Inaangaliwa."

"Wewe niitie."

Nikaita. Nikampa daftari la hesabu lenye miraba, penseli, na dakika tisa. Zaidi ya hapo sikuwa na ruhusa, maana karani wa Bwana DC alikuwa ameweka zamu ya kuongea baada yake. Nami nikabaki na kifaa changu sikioni. Kazi yangu ilinitaka nisikilize kama waya uko hai. Mengine niliyosikia niliyasikia kwa raha zangu.

Upande wa pili akapokea Okech, mchoraji wa ramani, kijana wa Kijaluo mwenye Kiswahili cha upole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una ramani ya josho la Nkende mbele yako?"

"Ninayo mezani."

"Nichoree."

Nikasikia Okech akivuta kiti. Nadhani alikuwa anajiuliza kama huyu mzee ni mzima. Kisha akakohoa, akaanza kazi, na mpaka leo namheshimu kwa namna alivyoianza. Hakuanza na josho. Alianza na karatasi.

"Fungua daftari katikati, mzee, kurasa mbili ziwe moja. Mraba mmoja ni futi moja. Piga mstari mrefu wa kulala, miraba arobaini. Huo ndio usawa wa ardhi. Josho lote liko chini yake, tunalitazama kwa ubavu kama tumelikata kwa panga."

"Nimepiga."

"Sasa, ncha ya kulia..."

"Kulia kwangu au kulia kwako?" Mzee Mniko akauliza kwa ukali. "Maana kama tumekaa meza moja, wewe ng'ambo na mimi huku, kulia kwako ni kushoto kwangu."

"Lakini hatujakaa meza moja, mzee."

"Ndiyo ninayosema! Sikuoni, nitajuaje umekaa wapi?"

Dakika moja ikaliwa hapo. Mwishowe Okech akasema, "Basi tuache kulia na kushoto. Tuseme upande wa ziwa na upande wa pili. Ziwa ni moja, halihami." Mzee Mniko akafurahi mno. Hata mimi nilitikisa kichwa nikasema huyu kijana ana akili.

Nukta nazo zilitaka majina. Okech alijaribu herufi, lakini waya ulikuwa unakwaruza, B na D zikawa kitu kimoja. Akatumia watu wa nyumbani kwake.

"Ng'ombe anaingilia upande wa pili, mbali na ziwa. Ukingo huo mwite Zilpa, ni mke wangu. Kutoka kwa Zilpa hesabu miraba minne kuelekea ziwani, kisha saba kwenda chini. Hapo ni Awiti. Unganisha. Ni mteremko mkali, ng'ombe asipate pa kusimama, aruke tu."

"Awiti nimemweka."

"Kutoka kwa Awiti, kumi na nne kuelekea ziwani, bila kushuka wala kupanda. Hapo ni Opondo. Ndipo ng'ombe anapoogelea."

"Opondo yuko. Anayefuata awe Nyangi. Mke wangu naye awemo, atanuna."

"Sawa, omera, ndugu yangu, awe Nyangi. Kutoka kwa Opondo, ishirini na mbili kuelekea ziwani, na saba kwenda juu. Unarudi kwenye mstari wa ardhi. Lakini usiunganishe kwa mstari laini. Weka ngazi kumi na nne, kila moja inapanda nusu futi, ng'ombe aliyelowa asiteleze."

Mzee Mniko akahesabu kwa ncha ya penseli, midomo inacheza. "Nne, kumi na nne, ishirini na mbili. Arobaini. Mstari wangu umeisha pale pale."

"Umeisha sawa."

Wakaenda kwenye mchoro wa pili, josho likitazamwa kutoka mbele: juu futi nne, chini futi mbili, kuta zinalala, ili ng'ombe asiweze kugeuka akarudi alikotoka. Kisha ua wa kukaukia, baada ya Nyangi, ambako ng'ombe wanasimama wakichuruzika dawa. "Sakafu yake inapanda kadiri unavyoliacha josho," Okech akasema. "Inchi moja kila futi nne. Dawa irudi ndani."

Saa yangu ilionyesha dakika ya nane. Nikainua kidole kimoja. Mtu mwingine angeshukuru, akaweka simu chini. Mzee Mniko alikuwa na desturi yake ya kazi, na mafundi wenzake walimcheka kwayo: hajengi kitu mpaka amekipitia kwa miguu ya atakayekitumia. Nyumba aliipitia kama bibi mwenye mtungi kichwani. Tanuri alilipitia kama mkate.

"Subiri," akasema. "Sasa mimi ni ng'ombe."

"Ng'ombe?" akauliza kijana wa watu huko Musoma.

"Natoka zizini, nakuja kwa Zilpa. Nasukumwa nyuma, narukia kwa Awiti, puu! Naogelea mpaka kwa Opondo. Napanda ngazi, nafika kwa Nyangi. Nimelowa chapa chapa. Naingia ua wa kukaukia, upande wa ziwa. Nyuma yangu kilima. Mbele yangu ardhi inashuka..." Akasita. "Mbele yangu kijito."

"Kijito gani?" Okech akauliza.

"Kijito cha Nkende. Kiko upande wa ziwa. Sasa nitainuaje sakafu pale, na ardhi yote inashuka? Mvua ya kwanza itabeba dawa yote ya kupe mpaka kijitoni."

Okech akapaza sauti. "Hapana, mzee. Hapana! Njia ya kutokea iko upande wa kilima. Nimekwambia upande wa ziwa!"

"Kilima kiko mawio! Ziwa liko machweo!"

"Ziwa liko hapa dirishani kwangu," Okech akasema, na sauti yake ikapungua kadiri alivyosema, "mkono wa kulia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Musoma pale maji yamezunguka mji, na dirisha la Okech lilitazama ghuba upande wa mawio. Tarime ziwa liko kunakozama jua. Ziwa moja, kweli, na halikuhama. Ila lilikuwa limegeuza josho zima kinyume.

Dawa ya kupe siku hizo ilikuwa sumu ya kuua. Na kijito kile, kilichopita karibu na nyumbani kwetu, ndimo mke wangu Philomena alimochota maji, jioni na asubuhi, ya kupikia na ya kunywesha mtoto wetu wa miezi minne. Nasema wazi, niliogopa. Dakika ya tisa ilikuwa imekwisha. Karani wa DC alikuwa ameshaanza kugonga dirisha. Kanuni ilinitaka nikate.

Sikukata. Nilimgeukia nikamwambia waya wa Musoma una hitilafu, asubiri. Ulikuwa uongo, na sijawahi kuutubu.

"Tuanze upya, mzee," Okech akasema. "Futa yote."

"Nifute nini?" Mzee Mniko akang'oa ile karatasi ya katikati kutoka kwenye daftari, akaigeuza mgongo juu, akaibandika kwenye kioo cha dirisha langu. Mwanga wa nje ukapenya, na mistari yote ikaonekana kwa nyuma: Zilpa amehamia machweo, Nyangi amehamia mawio, vipimo vile vile, hakuna mraba uliopotea. Akaifuata kwa penseli, ulimi nje. Karani wa DC, upande wa pili wa kioo, alimtumbulia macho kama ameona mchawi.

"Mshale wa kaskazini kwako umeelekea wapi?" Mzee Mniko akapiga kelele kuelekea kwenye simu.

"Juu ya karatasi!"

"Na Nyangi?"

"Mawio, mzee. Jua linakochomoza. Kwenye kilima!"

"Basi nakuwa ng'ombe tena." Akapita josho lote upya, mbio mbio, akaruka, akaogelea, akapanda ngazi kumi na nne, akasimama kilimani akichuruzika, na dawa ikateremka ikarudi ndani ya josho. "Nimekauka," akasema. "Naenda kula majani. Asante, mwanangu."

Nikakata. Dakika kumi na nne.

Jumatatu alichimba. Saruji haikuloa. Mto ulipopungua Okech alikuja mwenyewe na ramani ya kweli na kamba ya kupimia, uso umesawijika kwa kukosa usingizi wiki tatu. Alipima kutoka kwa Zilpa mpaka kwa Nyangi. Futi arobaini. Akazihesabu ngazi, akarudia kuzihesabu, akaketi kwenye ya mwisho, akaanza kucheka mwenyewe na machozi yanamtoka.

Siku ya kwanza ya kuogesha nilikwenda. Ng'ombe wa kwanza alikuwa wa Mzee Mniko, dume jeusi lenye kiburi. Liliruka, likazama pembe na vyote, likaibuka likipiga chafya, likapanda ngazi bila kuteleza. Kwenye ua wa kukaukia likajikung'uta. Nilitazama yale maji ya sumu yakikusanyika kwenye sakafu, yakapata mwelekeo, yakaanza kuteremka taratibu kurudi joshoni.

Chini kule kijitoni Philomena alikuwa ameinama anajaza mtungi, mtoto mgongoni. Akaona nimesimama namkodolea macho, akanipungia mkono, akainua kata, akanywa.