Suruali Niliyoivua Mbele ya Mkwe

Jina lake siliandiki, lakini kosa nalitaja: ni fundi wa mabati, jirani yangu pale Ziwani, miaka ya themanini mwanzoni. Yeye ndiye aliyenikosesha mke.

Mama wa mchumba wangu alikuwa na pumu. Alishasema binti yake hataolewa nyumba ya moshi wa mafuta taa. Siku aliyokuja na shemeji yake, ndugu wa mumewe, kuona nitakapomweka mtoto wao, fundi akaniletea jiko alilolitengeneza mwenyewe, la kuwashwa kwa spiriti.

"Hili halina moshi wala masizi," akasema. "Mama mkwe atakupa binti hata chai haijachemka."

Tukaliwasha nje mlangoni, tukateleka maji ya chai, jua la saa sita likiwaka. Wageni wakakaa kwenye stuli. Mama akavuta pumzi, akatabasamu. "Kweli halinikabi."

Mimi nilichuchumaa kando ya jiko. Maji yakakawia. Fundi akainama, akachungulia, hakuona kitu.

"Limezimika, beste. Spiriti imeisha."

"Ngoja kwanza lipoe."

"Lipoe nini na halina moto?"

Hapo ndipo alipokosea. Sisi watu wa mafuta taa tulizoea moto unaoonekana, wenye rangi na harufu. Wa spiriti juani huuoni. Akaepua sufuria, akamimina spiriti kutoka kwenye galoni. Ikalia pwaa, akaruka nyuma, galoni ikanimwagikia pajani.

Nikahisi joto, halafu nikahisi zaidi ya joto. Nikatazama suruali yangu mpya: hakuna moto wala moshi. Lakini ngozi haikudanganyi. Nikafungua mshipi, nikaivua palepale, mbele ya mama.

Kwetu hata kula mbele ya mama mkwe ni shida. Mimi nikasimama mbele yake na chupi, nikijipiga mapaja.

Mama akajifunika uso kwa kitenge. "Huyu kijana ana nini?"

"Naungua, mama."

"Unaunguzwa na nini?"

Fundi, badala ya kusema, akakamata beseni la maji ya nguo alizoloweka jirani, akamwagia jiko, suruali na mimi. Moto ukazimika kabla mtu hajauona. Ikabaki suruali imelowa na mwanamume aliye na chupi tu.

"Ni moto," nikasema. "Hauonekani tu."

"Wacha nimwangalie," akasema shemeji. Akanipeleka nyuma ya choo. Malengelenge yalikuwa yashaanza kutoka pajani. Ushahidi wote nilikuwa nao, ila ulikuwa mahali ambapo mama hangeweza kuonyeshwa.

Tuliporudi, mama bado amejifunika.

"Ni kweli ameungua," shemeji akamwambia.

"Nimesikia. Na suruali si alivua?"

"Alivua."

"Basi twende."

Wakaenda. Binti aliolewa mtaa wa Mowlem, na mtu anayepikia makaa. Fundi alikuja jioni kunipa pole, akaniuliza kama jiko lake liko salama.