Wanambuzi wa Samiha

Pale Tongoni, mbuzi akizaa kwenye mvua na mtoto akalegea, hakuna anayejiuliza ampeleke wapi. Anampeleka kwa Mwatum. Wapo wanaosema ana dawa. Hana dawa yoyote. Ana matambara makavu, chupa za plastiki za kutia maji ya moto, jiko la mkaa, na subira, ingawa hiyo subira ni ya wanyama peke yao. Binadamu hawajawahi kuionja.

Kazi yenyewe ina sharti moja, na Mwatum amelisema mpaka wenziwe wamelichoka: kwanza joto, kisha maziwa. Anamtia mwanambuzi kidole mdomoni. Akikuta mdomo wa baridi, hampi hata tone, maana aliyepoa hana nguvu ya kumeza, na ukimmiminia maziwa yanakwenda mapafuni badala ya tumboni. Amewagombeza watu wengi kwa kosa hilo, na wengine wamekuwa wakimpisha njia tangu siku hiyo.

Basi asubuhi moja ya masika Mwatum alikuwa kibarazani anauza samaki. Deli lake lilikuwa limejaa barafu, na yeye mikono yote ndani, anachagua changu kwa ajili ya wanawake waliosimama wanamharakisha. Ndipo akaja Samiha, amelowa chapachapa, kanga imeviringishwa kifuani na vichwa viwili vidogo vinachungulia.

Samiha alikuwa mke wa marehemu kaka yake Mwatum. Alipofiwa alirudi kwao Pemba, mambo huko hayakumwendea, akarejea Tongoni na kuanza upya na mbuzi mmoja jike. Mbuzi huyo ndiye aliyekuwa tegemeo lake. Alikuwa akipita kwa Mwatum kila mara kuuliza, anakula nini, analala wapi, tumbo limeshuka au bado, mpaka Mwatum akawa anamtania kwamba mimba ile ni ya nani hasa.

"Shikamoo wifi. Amezaa mapacha bandani, na paa linavuja," alisema Samiha, midomo ikimtetemeka. Mkononi alikuwa na kikombe cha dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, aliyokamua kama alivyofundishwa.

"Marahaba. Lete niwaone."

Mmoja alikuwa analia kidogo. Wa pili, jike, shingo yake ilikuwa imelala kama tambara. Mwatum akautoa mkono kwenye barafu, akaufuta kwa haraka kwenye gauni, akamtia yule jike kidole mdomoni. Akahisi uvuguvugu.

"Huyu hana baridi, ana njaa," akasema, na wanawake wakaitikia, maana Mwatum akisema kasema.

Ile shingo ilitosha kumwambia vingine. Asiyeweza kuinua kichwa halishwi kwa kijiko, na hilo Mwatum alilijua kuliko yeyote pale. Lakini wateja walikuwa wanaita, na kidole chake hakijawahi kumdanganya. Akachukua kijiko, akamiminia dang'a. Kijiko cha kwanza kikapita. Cha pili maziwa yakatokea puani. Mwanambuzi akakoroma, akanyoosha miguu, na kabla ya changu kufungwa kwenye mfuko alikuwa ameshakufa.

Hapo ndipo Mwatum aliposema lile neno. Hakulipanga, lilimtoka kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

"Umemwacha kwenye maji mpaka akafa ndani kwa ndani. Mbuzi hawafugwi kwa usingizi, Samiha. Wengine mkono wao si wa kufuga, basi tu."

 Kweli ni kwamba Samiha alikuwa bandani tangu kabla ya adhana ya alfajiri, amejikinga kwa gunia akimsubiri mbuzi azae, lakini hakulisema hilo. Alimtazama yule aliyekufa, akamlaza yule mwingine mapajani mwa Mwatum, akaacha na kikombe. "Huyu kaa naye wewe, wifi," alisema. "Mimi nitamuua na huyu." Akaondoka na maiti ndani ya kanga.

Wanawake walipotawanyika Mwatum alifunga deli, akaingia ndani. Akabandika maji, akachovya mikono kwenye beseni la maji ya moto mpaka vidole vikaacha kuuma. Kisha akamkausha yule aliyebaki, dume, kwa tambara, akisugua mbavu na mgongo, na kwa mazoea akamtia kidole mdomoni.

Ulikuwa baridi. Na huyu ndiye aliyekuwa na nguvu za kulia.

Mwatum alikaa chini pale pale jikoni. Aliutoa mkono, akautazama, akaurudisha. Mkono uliotoka kwenye barafu kila kitu unakiona cha moto. Mtoto asiyejua kusoma angeliwaza hilo, na yeye, bingwa wa Tongoni, hakuliwaza. Alijionea haya mpaka masikio yakawaka.

Lakini aliyebaki alikuwa bado anatetemeka, ikabidi aibu isubiri. Mwatum akajaza chupa maji ya moto ya kuvumilika, akazifunga kwa vipande vya kanga zisimwunguze, akampanga nazo ubavuni ndani ya kikapu, akamfunika akaacha pua. Kila zilipopoa alizibadilisha. Hakumpa kitu. Alingoja mpaka mdomo ukawa na joto la kweli, akilipima kwa mkono aliokwisha kuupasha, na mpaka mwanambuzi akalala kifudifudi, kichwa juu, peke yake.

Bado hakunyonya kidole. Kwa hali hiyo Mwatum alikuwa na mpira mwembamba aliopewa na Kristofa, bwana mifugo, akafundishwa kuutumia. Akaupima kutoka puani mpaka ubavu wa mwisho, akautia alama, akaupitisha taratibu pembeni mwa ulimi huku mwanambuzi akiumeza mwenyewe. Hakukohoa, na kwa vidole Mwatum aliusikia ukipita shingoni kando ya koromeo. Akaipasha dang'a kwa kuweka kikombe ndani ya maji moto, akaiachia ishuke polepole. Alasiri yule dume alisimama, akaanguka, akasimama tena, akaanza kutafuta chuchu kwenye gauni lake.

Mwatum alipaswa kwenda kwa Samiha saa ile ile. Alijiambia mvua ni nyingi. Alijiambia mnyama apate nguvu kwanza. Alilala na uongo huo, na asubuhi ndipo akambeba.

Banda la Samiha lilikuwa tupu.

"Mama yake nimempa jirani yangu Uweso," alisema Samiha, anafagia. "Ana banda zuri. Mpelekee huko akanyonye, wifi. Mungu akulipe kwa kumwokoa."

"Mchukue mbuzi wako, Samiha. Uweso atamrudisha, nitamwambia mimi." "Yule jike nilimuua mimi. Mikono yangu ilitoka kwenye barafu, nikaona mdomo una joto. Nikampa maziwa naye amepoa. Si wewe. Nimekosa, nisamehe."

Samiha aliuweka ufagio ukutani, akamshika mkono kwa mapenzi, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Wewe, Mwatum? Wewe uliyewafundisha watu wote?" Akatabasamu, macho yamejaa maji. "Ahsante, wifi. Najua unanionea huruma. Lakini jana ulisema kweli mbele za watu, na wote wameikubali. Mimi pia nimeikubali."

Mwatum akaapa. Samiha akamwomba asiape kwa ajili yake. Akaufungua mlango wa banda, akaingia na panga, akaanza kukikata kile kichanja cha mbao alichomtengenezea mbuzi wake pa kulalia, apate kuni.