Lenzi na Daftari Lake

Wanafunzi walimwita mdogo wangu Lenzi, na jina likamganda mpaka nyumbani. Miaka kumi na tisa alitunza maabara ya shule moja ya sekondari. Hakuwa mwalimu, na walimu hawakumwacha asahau. Lakini hadubini zote za pale alizijua kama watu: ipi skrubu yake inateleza, ipi kioo chake kimeingia ukungu. Akija kwangu anaanza habari za hadubini mpaka namwambia, jamani Lenzi, nina sare arobaini za kushona hapa, niache nipumue.

Basi hadubini moja ikapotea. Baada ya mwezi polisi wakakuta hadubini kwa fundi wa vioo mjini, wakasema ndiyo hiyo. Lenzi alikuwa na ufunguo wa maabara. Wakamchukua akiwa na koti lake jeupe, akalala mahabusu wiki mbili kabla sijampatia dhamana. Kazini wakamsimamisha, akahamia chumba changu cha nyuma.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Yeye alikufa ganzi. Anakula ukimwambia kula. Jambo moja tu alilifanya bila kuambiwa: alinunua daftari la mazoezi akawa anaandika utetezi wake, asubuhi mpaka adhuhuri, kwenye kona ya meza ya cherehani yangu. Meza ile ina mguu mmoja mfupi, nikikanyaga inayumba, na mwandiko wake ukawa unayumba nayo. Siku moja akasema, "Dada, nikusomee?" Nikamwambia asinichanganye, akayaseme mahakamani. Sikusimamisha hata cherehani.

Kesi ilipoanza hatukuwa na wakili. Shahidi wa kwanza alikuwa makamu wa mwalimu mkuu, akaeleza kwamba hadubini ilipotea na Lenzi alikuwa na ufunguo. Alipomaliza tu, Lenzi akanyoosha mkono kizimbani. Kule mahabusu wenzake walikuwa wamemfundisha maneno.

"Mheshimiwa, mimi sina kesi ya kujibu. Hakuna aliyeniona nikiwa nayo."

Watu wakacheka. Hakimu, mama mmoja mpole wa sauti, hakucheka. Akamwambia kwamba hoja hiyo ina wakati wake, na wakati wake ni upande wa mashtaka ukishafunga ushahidi. Sasa ni mapema mno, kaa chini. Akaandika, kesi ikaahirishwa.

Tuliporudi, mwendesha mashtaka alikuja na shahidi mpya: yule fundi wa vioo. Akaapa, akamtazama Lenzi, akasema aliyemletea hadubini alikuwa mtu "kama huyu". Hakusema ni huyu. Lakini pengo ambalo Lenzi alilionyesha kwa mdomo wake mwenyewe, wenzetu walikuwa wameanza kuliziba. Nilitamani kumzaba kofi ndugu yangu palepale. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

Ndipo nikatafuta wakili. Alikuwa dada mwembamba, miwani kichwani, hana maneno mengi. Shahidi wa tatu alikuwa askari mpelelezi, na wakili alimwuliza maswali mawili tu. Je, wenye funguo za maabara walikuwa wangapi? Watatu. Je, hii hadubini iliyo mezani ina namba chini yake? Inayo. Akakaa.

Nikamfuata kwenye korido. "Namba hiyo si ipo kwenye daftari la vifaa vya shule? Mbona hawakulileta? Nani amethibitisha kuwa hii ni ya shule? Simama umwambie hakimu kwamba Lenzi hana kesi ya kujibu, yaishe."

Akanishika mkono akanivuta mpaka karibu na choo, kwa sababu mwendesha mashtaka alikuwa anakuja na mafaili yake.

"Mama, punguza sauti. Ukiyasema hayo leo, daftari litaletwa kikao kijacho. Mdogo wako alishawaonyesha pengo moja. Au mwenzetu ataomba kuiondoa kesi kabla hajafunga, Lenzi ataachiwa, halafu atashtakiwa upya kwa kosa lilelile. Mimi nangoja aseme kwa kinywa chake kwamba amefunga. Nitasimama kabla Lenzi hajaitwa kujitetea. Hakimu akikubali hapo, atamwachia huru moja kwa moja."

"Na kama hatafunga?"

"Tutangoja."

Tukangoja. Alibaki shahidi mmoja, mlinzi wa geti, ambaye alisemekana alimwona Lenzi akitoka na begi. Kikao cha kwanza mlinzi hakuja, amesafiri. Cha pili hakuja, anaumwa. Miezi saba hiyo. Kila mara nilikaa benchi la nyuma, neno namba limenikaa kooni, mwendesha mashtaka hatua tatu mbele yangu anajikuna shingo. Mara moja alinigeukia, akanisalimia vizuri tu, "Shikamoo mama, pole na safari." Nikaitikia marahaba, nikauma ulimi. Mwishowe hasira yenyewe iliniisha. Nilikuwa nakwenda mahakamani kama mtu anayekwenda kuteka maji.

Kikao cha tatu mlinzi hakuja tena. Mwendesha mashtaka akaomba ahirisho. Hakimu akakataa, akasema la mwisho lilishatolewa. Mwendesha mashtaka akapekuapekua faili, akasema, "Basi mheshimiwa, tunafunga ushahidi wetu."

Wakili akashusha miwani kichwani, akasimama. Aliongea dakika kumi, bila kupaza sauti. Namba, daftari ambalo halikuletwa, funguo tatu, "kama huyu". Hakimu akasema uamuzi ni baada ya wiki mbili.

Siku ya uamuzi Lenzi alivaa shati nililomshonea, daftari lake limekunjwa kwenye mfuko wa suruali. Hakimu akasoma. Haikuonyeshwa kwamba hadubini hii ni mali ya shule. Haikuonyeshwa kwamba mshtakiwa ndiye aliyeichukua. Hata mshtakiwa akichagua kunyamaza, kwa ushahidi huu mahakama haiwezi kumtia hatiani. Hana kesi ya kujibu, anaachiwa huru.

Nikainuka twende nyumbani. Lenzi hakutoka kizimbani. Alinyoosha mkono, kama ile siku ya kwanza.

"Mheshimiwa, mimi nitasema lini?"

Hakimu akamtazama kidogo. "Huna haja ya kusema kitu, baba. Nenda nyumbani."

Tukarudi nyumbani. Jirani alikuwa mlangoni, akampongeza, akamwuliza huku anacheka, "Sasa tuambie, uliichukua au hukuichukua?" Nikamfukuza kwa maneno ambayo siyarudii hapa.

Ndani, Lenzi alikaa kwenye kona yake ya meza. Akasema, bila ugomvi wowote, "Dada, wewe hujawahi kuniuliza."

Ni kweli. Miaka miwili nilihangaika na dhamana, wakili, shati, na sikumwuliza hata mara moja, kwa sababu niliogopa jibu. Nilifungua mdomo nimwambie najua hukuichukua. Sauti haikutoka upesi. Ilichelewa kidogo tu, naye aliona ilivyochelewa.

Akatoa daftari, akalikunja tena, akainama akaliweka chini ya ule mguu mfupi. Akaijaribu meza kwa kiganja. Ikatulia.

Shule ilimrudisha kazini, siku hizi ana chumba chake karibu na kule, Jumapili huja tunakula. Nashona kwenye meza ile kila siku, na haiyumbi tena. Daftari sijalitoa.