Awamu ya Tatu ya Kijitabu cha Msiba

Nasanifu kadi, mabango na vijitabu nikiwa chumbani kwangu mtaa wa Pasua, na katika kazi zote hizo hakuna inayonichosha kama vijitabu vya ibada ya mazishi. Watu wanalia huku wanagombania nani awe juu kwenye ukurasa. Ndiyo maana nilijiwekea utaratibu: marekebisho awamu mbili, kila awamu mniletee yote kwa pamoja, basi.

Kamati ya msiba huu, wa kijijini juu ya mji wa Mkuu, iliukubali utaratibu huo kwenye kundi lao la WhatsApp. Kaka wa marehemu akachaguliwa kuwa msemaji. Loh! Yule bwana tangu siku ya kwanza alikuwa ananitumia ujumbe pembeni, si kwenye kundi, na kila mmoja ulianza hivi: "Dada, kitu kidogo tu."

Kitu kidogo tu, badilisha picha ya jalada. Kitu kidogo tu, kwenye jina langu ongeza Mhandisi. Hayo nikayahesabu awamu ya kwanza. Ya pili, panga upya majina ya watoto, na picha ya mjane ipunguze, inajaza ukurasa. Nikapunguza. Kamati ikaona, ikapitisha. Nikashukuru Mungu, nikainjika chai.

Chai haijachemka, simu ikaita kwa ujumbe. "Dada, kitu kidogo tu. Kwenye wasifu, pale pa 'ameacha mjane', futa pamoja na jina lake. Weka 'ameacha watoto wanne'. Hawakufunga ndoa kanisani, yule si mke."

Si mke! Mimi nimezaliwa kijiji cha jirani, na nilikuwepo siku mbege, pombe ya ndizi ya mahari yake, ilipopelekwa kwao. Huyuhuyu kaka mtu aliinywa mpaka akashikiliwa kurudi nyumbani. Yule mama kalima kihamba kile, shamba lao la ukoo, kakata majani ya ng'ombe, kamuuguza mumewe hadi mwisho. Sasa shemeji yake anataka migomba na nyumba, na anajua wasifu ukisomwa mbele ya kanisa zima bila jina lake, siku ya kikao cha ukoo atasema, "Hata kwenye wasifu hakuwemo." Na kalamu ya kumfuta iwe mkono wangu! Mxii!

Vidole vilitaka kumtukana. Badala yake nikaandika ujumbe wa adabu, nikautuma kulekule tulikokubaliana, kwenye kundi:

"Habari za jioni wanakamati, poleni na msiba. Kama tulivyopatana hapa, kazi hii ina awamu mbili za marekebisho. Ya kwanza: picha ya jalada, na cheo cha kaka wa marehemu. Ya pili: mpangilio wa majina ya watoto, na kupunguza picha ya mjane. Zote zimekamilika na mmezipitisha. Nimepokea ombi jipya la kuondoa jina la mjane kwenye wasifu. Hiyo ni awamu ya tatu, iko nje ya makubaliano. Kama kamati inaitaka, naomba ithibitishwe hapa, pamoja na gharama ya nyongeza, na mfahamu kwamba mchapaji atachelewa. Nisipopata jibu hadi kesho saa nne asubuhi, nitapeleka toleo mlilopitisha. Asanteni kwa ushirikiano."

Alama za kusomwa zikageuka bluu. Kisha simu yangu ikalia.

"Dada, mbona umenianika?"

"Kaka, samahani sana. Nimefuata utaratibu tu."

"Gharama nitalipa mimi! Futa!"

"Sawa kaka. Thibitisha kwenye kundi, nifute."

Akakata. Hakuthibitisha. Angeandikaje, na mjane mwenyewe yumo kwenye kundi hilohilo? Hakuna mwanakamati aliyesema neno, hata wale wazee wa kanisa wanaopenda kutuma aya kila alfajiri, na hilo nalo lilinikera. Saa nne nikapeleka faili kwa mchapaji.

Siku ya mazishi nilipanda Mkuu na maboksi ya vijitabu, nikakaa viti vya nyuma. Msemaji wa familia, yuleyule kaka mtu, akasimama kusoma wasifu, suti imenyooka. Kuzaliwa, shule, kazi, ugonjwa. Alipofika pale pa mjane akasoma, "Marehemu ameacha watoto wanne," akageuza ukurasa.

Aliruka! Kijitabu kiko mikononi mwa kanisa zima, na bado aliruka. Mjane alikuwa kiti cha mbele, ameinamisha kichwa. Watu wakatazama karatasi, wakatazamana, wakanyamaza vilevile kama kwenye kundi.

Mama mzazi wa marehemu hajui kusoma. Mjukuu aliyekaa naye alikuwa anamfuatishia mistari kwa kidole, na kidole kilikuwa kimesimama. Bibi akauliza kwa Kichagga kuna nini, mtoto akamnong'oneza. Bibi akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akajiinua.

"Umeruka mke wa mwanangu," akasema. "Rudia."

Akarudia. Sauti ilikuwa ndogo, lakini jina lilitoka lote. Nami nilitamani kutema mate kwa kinyaa juu ya yule bwana, ila tulikuwa kanisani.